Bili ya maji: uliza siku kabla ya kuuliza bei

Kila mwisho wa mwezi makundi ya WhatsApp ya mitaa yetu, kuanzia Kisauni hadi Likoni, hujaa skrinshoti za aina mbili. Moja ni meseji ya bili ya maji. Ya pili ni picha ya mita, mara nyingi imepigwa kwa haraka, nusu kivuli nusu mwanga. Chini yake malalamiko huwa yale yale: bei imepandishwa kimya kimya, au mita imeharibika, au kuna mtu anaiba maji. Na mjadala huishia hapo, kwa sababu hakuna anayekaa na kalamu.

Majuzi jirani ya dadangu aliniletea simu yake. Bili ilisema shilingi 4,410, na yeye amezoea kulipa chini ya 2,000. Akaniuliza, "Kaka, haya ni maji ama ni kodi ya nyumba?" Alikuwa na skrinshoti tatu za mita, kwa kuwa mwanawe ana tabia ya kuipiga picha mita kila mwanzo wa mwezi na kumtumia babake aliye safarini. Picha hizo tatu zilitosha kueleza kila kitu. Nambari zake nimezigeuza kidogo asijulikane, na bei nimeweka za mfano zilizo rahisi kuhesabu. Wewe utaweka za jedwali la kampuni yako, hesabu ni ile ile.

Tuanze na uso wa mita. Mita nyingi za nyumbani zina tarakimu nyeusi na tarakimu nyekundu, au vijidira vidogo vyekundu. Nyeusi ni uniti nzima, na uniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Nyekundu ni vipande vya uniti: ya kwanza ni lita mia mia, ya pili kumi kumi, ya tatu lita moja moja. Bili hutumia nyeusi pekee. Nimeona mtu kwenye kundi akidai ametumia uniti 19,700 kwa mwezi, kumbe amezisoma nyeusi na nyekundu kwa pamoja. Zilikuwa uniti 19 na lita 700.

Skrinshoti ya kwanza ya mama huyu, ya tarehe 3 Februari, ilionyesha 1386 nyeusi. Ya pili, tarehe 5 Machi, 1406. Ya tatu, tarehe 4 Aprili, 1426. Toa moja kwa nyingine: uniti 20 katika siku 30 za mwanzo, uniti 20 tena katika siku 30 zilizofuata. Hakuna kilichobadilika nyumbani kwake. Sasa tazama bili. Ilisema usomaji wa zamani ni 1386, wa sasa ni 1426, matumizi uniti 40. Nambari hizo zilikuwa za kweli kabisa. Msoma mita hakudanganya, na mita haikuharibika. Ila Machi hakuna aliyekuja kusoma, na hakuna bili iliyotumwa. Uniti za miezi miwili zikawekwa kwenye mwezi mmoja.

Mtu atasema, basi si ni sawa, maji ameyatumia yote, atalipa leo alichotakiwa kulipa jana. Hapo ndipo jedwali la bei linapoingia, na ndipo pesa zinapopotea.

Bei za maji nchini Kenya hazipangwi na kampuni peke yake. Hupitia kwa bodi inayodhibiti huduma za maji, WASREB, iliyowekwa na Sheria ya Maji ya mwaka 2016, na zikishaidhinishwa huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ukilisoma jedwali la matumizi ya nyumbani utakuta ngazi. Uniti za kwanza ni za bei ya chini, zile zinazofuata zapanda, na kadri unavyotumia ndivyo kila uniti mpya inavyokuwa ghali. Nia ni kumlinda mwenye kutumia maji ya kupikia na kuoga, na kumbana mwenye kumwagilia bustani. Sina ugomvi na nia hiyo.

Tuseme jedwali letu la mfano ni hivi: uniti ya 1 hadi ya 6 ni shilingi 60 kila moja, ya 7 hadi ya 20 ni shilingi 100, ya 21 hadi ya 50 ni shilingi 130, na kupita hapo ni shilingi 160. Juu yake kuna kodi ya mita, shilingi 50 kwa mwezi.

Wengi hukosea papa hapa. Huona ametumia uniti 40, hutazama ngazi ya 21 hadi 50, kisha huzidisha 40 kwa 130 na kupata 5,200. Sivyo. Kila ngazi hulipia uniti zilizo ndani yake tu, kama ngazi ya nyumba ambayo hufiki juu bila kukanyaga zile za chini. Uniti 6 za mwanzo ni shilingi 360. Uniti 14 zinazofuata ni 1,400. Zimebaki 20, na hizo ndizo za shilingi 130, yaani 2,600. Jumla ni 4,360, ongeza kodi ya mita, ni 4,410. Hiyo ndiyo bili aliyoletewa, haina kosa hata la shilingi.

Sasa mhesabie kama angesomewa kila mwezi. Uniti 20 ni 360 na 1,400, jumla 1,760, na kodi ya mita 50, ni 1,810. Miezi miwili ni 3,620. Amelipishwa shilingi 790 zaidi kwa maji yale yale, kwa bei ile ile, kwa sababu tu siku 60 zimehesabiwa kama 30. Ngazi ya bei nafuu, ambayo ni haki yake kila mwezi, ameipata mara moja badala ya mara mbili. Na uniti 20 zilizopaswa kuwa ngazi za chini zimesukumwa ngazi ya juu.

Na si lazima mwezi urukwe kabisa. Bili ya makadirio huleta matokeo kama hayo kwa njia ya kificho. Tuseme Machi hakuna aliyesoma, kampuni ikakadiria uniti 10, ukalipa 760 ukafurahi. Aprili msoma mita anakuja, anakuta tofauti ya uniti 30 kutoka kwenye makadirio, na bili yake ni 3,060. Jumla ya miezi miwili, bila kodi ya mita, ni 3,820, ilhali ungesomewa sawasawa ingekuwa 3,520. Ile bili ndogo uliyoifurahia ndiyo iliyokugharimu shilingi 300. Kwa hivyo bili ikiwa ndogo kuliko kawaida, hiyo pia ni sababu ya kwenda kuitazama mita.

Ikiwa huna picha ya katikati, bado waweza kukadiria. Chukua usomaji wa sasa, toa wa zamani, gawanya kwa idadi ya siku zilizo baina yao, kisha zidisha kwa 30. Kwa mama huyu ni uniti 40 kwa siku 60, sawa na lita 667 kwa siku, ambazo kwa siku 30 ni uniti 20. Kisha jiulize kama nambari hiyo inaingia akilini. Lita 667 ni kama mitungi 33 kwa siku, na nyumbani kwake wako sita, wana choo cha kuvuta na nguo za watoto. Inakubalika. Lakini uniti 40 kwa mwezi mmoja zingekuwa mitungi 67 kila siku, na tangi lake ni la lita 1,000. Angelazimika kulijaza na kulimaliza tangi zima kila siku, na zaidi. Kwa mtaa wenye mgao wa maji, hilo halijiri. Huhitaji fundi kukuambia kuna jambo kwenye tarehe.

Tarehe basi ndiyo roho ya hesabu hii, na skrinshoti ndiyo inayoipoteza. Picha halisi katika simu huwa imebeba siku na saa iliyopigwa. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa hiyo huondolewa, na picha yenyewe hubanwa ikapoteza ukali. Atakayepiga skrinshoti ya picha hiyo atapata tarehe ya skrinshoti, si ya mita. Nimeona watu wakibishana kuhusu usomaji wa "tarehe 10" ambao ukichunguza, picha ilipigwa tarehe 2 na skrinshoti ikachukuliwa tarehe 10. Siku nane kwa nyumba ya lita 667 kwa siku ni zaidi ya uniti 5.

Hata hivyo skrinshoti si bure. Ikiwa inaonyesha saa na siku ujumbe ulipotumwa, unajua jambo moja kwa hakika: picha haikupigwa baada ya hapo. Mita haikuwa chini ya nambari ile siku ile. Kwa bili yenye ubishi, hilo laweza kutosha. Ila ukitaka ushahidi usiotikisika, andika tarehe kwenye karatasi, iweke kando ya mita, piga picha moja inayoonyesha tarakimu zote, karatasi, na nambari ya mita iliyochongwa juu yake. Ukiituma, tumia sehemu ya Document badala ya picha ya kawaida, isibanwe. Bila nambari ya mita, ofisini wanaweza kukuambia hiyo ni mita ya jirani, na hutakuwa na la kujibu.

Picha ikiwa haisomeki vizuri, sufuri na nane hufanana, tatu na nane vile vile. Dawa yake ni kuzipanga picha kwa mfuatano wa tarehe. Mita hairudi nyuma. Ile picha ya Machi ya mama huyu, dadangu aliisoma 1486. Lakini Aprili mita ilikuwa 1426, kwa hivyo Machi haiwezi kuwa 1486. Ilikuwa 1406. Na tarakimu ikiwa katikati ya kugeuka, soma ile ndogo, kwa kuwa uniti hiyo haijatimia.

Kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa Pwani zaidi ya wengine. Maji yetu ya mfereji hutoka mbali, Baricho kwenye Mto Sabaki, Mzima Springs kule Taita Taveta, Marere na Tiwi upande wa Kwale, na hayatoshi, kwa hivyo twaishi kwa mgao. Mita basi haizunguki kila siku. Huzunguka sana siku maji yanapokuja, kisha hulala. Mtu akipiga picha Jumatatu asubuhi na Jumanne jioni, siku ambayo tangi limejazwa, kisha akazidisha kwa mwezi, atapata nambari ya hoteli. Akipiga siku mbili za ukavu atapata sufuri. Mita hupima kinachoingia kwenye tangi, haipimi unachotumia. Kwa hivyo kama maji yenu huja Jumanne na Ijumaa, pima kutoka Ijumaa hadi Ijumaa, tangi likiwa limejaa mara zote mbili, na ukiweza chukua wiki nne. Tangi la lita 1,000 likiwa tupu kwenye picha moja na limejaa kwenye nyingine, umeongeza uniti nzima ambayo hujaitumia. Kwa mwezi si kitu kikubwa. Kwa wiki moja yapotosha hesabu yote.

Mgao huo huo ndio unaoleta lile lalamiko la upepo. Ni kweli kwamba bomba lililokaa tupu, maji yakirudi, husukuma hewa mbele yake, na hewa inaweza kuizungusha mita. Lakini si busara kuisingizia hewa kila bili. Pima. Piga picha ya tarakimu nyekundu kabla ya siku ya maji, kisha piga tena mfereji unapoacha kutoa mlio na kuanza kutoa maji kamili. Hiyo tofauti ndiyo hewa yako, na utajua ni lita ngapi kwa kila mgao. Halafu jaza mitungi kumi ya lita 20 kutoka mfereji ulio karibu na mita, mifereji mingine yote ikiwa imefungwa, pamoja na ile ya kuingilia tangi. Tarakimu nyekundu zinatakiwa kusogea lita 200, zaidi kidogo au pungufu kidogo kwa kuwa mtungi si kipimo cha duka. Zikisogea 300, sasa una kesi ya mita, na una haki ya kuomba ikapimwe.

Hayo yote ni ya mwenye mita yake. Nimwambie nini mpangaji wa ploti?

Nyumba zetu za vyumba, ambazo ndizo wengi wetu tumekulia, zina mita moja langoni na familia nane ndani. Kila familia ikitumia uniti 7 tu kwa mwezi, mitungi kama 12 kwa siku, mita ya langoni itaonyesha uniti 56. Kwa jedwali letu, ni 360, na 1,400, na uniti 30 za 130 ambazo ni 3,900, na 6 za mwisho kwa 160 ambazo ni 960. Jumla 6,620. Kila familia ingekuwa na mita yake, ingelipa 460 kwa maji, na zote nane 3,680. Familia hizi hazina bustani wala bwawa. Zimewekwa ngazi ya matajiri kwa kuwa zimepanga lango moja. Ngazi zilizowekwa kumlinda mtumiaji mdogo zimemgeukia yeye mwenyewe, kwa kuwa mita huhesabu mabomba, haihesabu watu. Yako majedwali yenye mstari wa peke yake kwa nyumba za wapangaji wengi, bei moja kwa kila uniti. Mwenye nyumba anayejali wapangaji wake angeuliza ofisini ploti yake imeandikishwa kwenye mstari gani, na kwa hesabu gani ungemfaa zaidi.

Kisha kuna yale ya ndani ya lango. Wenye nyumba wengi huweka vimita vidogo kwa kila chumba na kutoza bei moja, tuseme shilingi 200 kwa uniti. Bili ya langoni ikiwa 6,620 kwa uniti 56, uniti moja imemgharimu mwenye nyumba kama shilingi 118. Kwa 200 amekusanya 11,200. Sisemi kila tofauti ni wizi, kwa maana kuna umeme wa pampu, kuna maji yanayovuja, na vimita vidogo havihesabu vizuri maji yanayodondoka polepole, kwa hivyo jumla ya vyumba huwa pungufu ya mita ya langoni. Lakini hesabu hiyo ya 118 mpangaji yeyote anaweza kuifanya kwa picha mbili za mita ya langoni na jedwali lililochapishwa, na anaweza kumwendea mwenye nyumba kwa adabu akamuuliza hizo 82 ni za nini.

Bado kuna mstari mmoja wa bili wa kutazamwa, nao ni maji taka. Anayelipishwa ni aliyeunganishwa na bomba la maji taka. Sehemu kubwa ya nyumba zetu zina shimo lake, na huliita gari la kunyonya likijaa kwa pesa zake mwenyewe. Ukiukuta mstari huo kwenye bili na una shimo uani, uliza.

Mama yule nilimwandikia karatasi moja: picha tatu, tarehe tatu, hesabu mbili, na ombi kwamba uniti 40 zigawanywe kwa miezi miwili. Alikwenda nayo ofisini mwenyewe. Kijana wa dirishani alimwambia mashine ndiyo iliyohesabu. Akamjibu kwamba mashine imehesabu vizuri, ila imepewa siku zisizo zake. Wakaichukua karatasi na kuipiga muhuri wa kupokelewa, na wakamwambia arudi baada ya siku kumi na nne. Asiporidhika na jibu, malalamiko hayo hayo, na muhuri huo, ndiyo atakayoyapeleka WASREB.

Kwa upande wa kampuni zetu za maji, ninalotaka ni dogo na halihitaji mradi wa wafadhili. Meseji ya bili iandike tarehe mbili za usomaji na idadi ya siku, na iseme wazi kama usomaji ni halisi au ni wa kukadiria. Na siku zikizidi 35, ngazi zipanuliwe kulingana na siku kabla bili haijatumwa, asihitaji mtu kuja na karatasi. Ni kuzidisha na kugawanya tu. Mtoto wa darasa la saba aweza kuwafanyia.